Kutatua 357x ≡ 63 (mod 1001): kugawa mfululizo bila kudondosha alama ya hasi

*Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa kwanza chuo hapa Dar. Tulipewa zoezi la kutatua 357x ≡ 63 (mod 1001). Kugawa mfululizo mpaka kufikia 7 naweza, ila nikianza kurudi nyuma kubadilisha mabaki najichanganya. Mimi nimepata x = 126. Mwenzangu aligawa kwa 7 kwanza, akapata 589. Majibu ya mwalimu wetu yana namba saba: 17, 160, 303, 446, 589, 732 na 875. Nani kakosea, na hizo saba zinatoka wapi?*

Marahaba. Tuanze na namba yako, kwa sababu yenyewe inaonyesha ulipoteleza. Zidisha 357 kwa 126, unapata 44,982. Toa 1001 mara 44, yaani 44,044, inabaki 938. Ulitakiwa ubakiwe na 63. Sasa itazame hiyo 938: ni 1001 kasoro 63. Kwa lugha ya mabaki, 938 na −63 ni kitu kimoja. Kwa hiyo hesabu yako ni nzima, isipokuwa alama moja ya hasi imedondoka njiani. Ungeandika −126 ungekuwa umefika, maana −126 ukiiongezea 143, namba ambayo tutaona baadaye inatoka wapi, inakuwa 17, ambayo ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya mwalimu wenu.

Kipimo hicho kishike. Kila unapomaliza swali la aina hii, rudisha x kwenye mlinganyo. Ukipata baki ambayo ni moduli kasoro namba uliyotakiwa kuipata, usifute ukurasa wote. Tafuta alama ya hasi iliyopotea.

Mwenzako naye hakukosea. 589 ni jibu la kweli, ila ni moja kati ya saba, na sita amezipoteza kwenye mstari wa kwanza kabisa wa kazi yake. Nitarudi kwake baadaye.

Mlinganyo huu unasema kwamba 357x na 63 zinaacha baki moja zikigawanywa kwa 1001. Maana yake, kuna namba kamili y, chanya au hasi, ambayo

```
357x − 1001y = 63
```

Hapo mod imetoweka na tumebaki na namba kamili za kawaida. Kinachoulizwa ni hiki: nikichukua 357 mara kadhaa na kutoa 1001 mara kadhaa, naweza kuipata 63?

Fikiria mnunuzi yuko Soko la Feri na noti za elfu tano na za elfu mbili tu, na muuza samaki naye ana hizo hizo. Anadaiwa shilingi 1,000. Deni linalipika: anatoa noti moja ya elfu tano, anarudishiwa mbili za elfu mbili. Chenji ndiyo namba hasi: 5000 × 1 + 2000 × (−2) = 1000. Na kama elfu moja inalipika, basi deni lolote la maelfu kamili linalipika, kwa kurudia hivyo hivyo mara nyingi kadiri inavyohitajika. Lakini wote wawili wakiwa na noti za elfu kumi na za elfu mbili tu, deni la elfu tano haliwezi kulipika hata wakibadilishana noti mpaka jioni, kwa sababu kila noti iliyopo mezani ni kizidisho cha elfu mbili, na elfu tano sio.

Kwetu noti ni 357 na 1001. Kiasi kidogo kabisa kinacholipika ni kigawo kikubwa cha shirika, yaani KKS, ya namba hizo mbili, ambayo wewe umeshaipata: 7. Na 63 ni 7 mara tisa, kwa hiyo deni linalipika. Kazi iliyobaki ni kujua jinsi ya kulipa 7, kisha kuzidisha malipo hayo kwa 9.

Kugawa mfululizo peke yake kunakwambia kwamba 7 inalipika. Hakukwambii inalipwaje. Ndiyo maana mnafundishwa kurudi nyuma, na ndipo wengi mnapozama. Mimi nakushauri uache kurudi nyuma kabisa. Beba hesabu ya malipo pamoja nawe tangu mwanzo, mstari kwa mstari, ukishuka. Ukifika chini jibu liko mkononi tayari.

Chora safu tatu. Ya kwanza ni ya baki. Ya pili ni ya mara, yaani namba ya mstari huo inaingia mara ngapi kwenye namba iliyo juu yake. Ya tatu tuiite s, na maana yake ndiyo ushike kuliko kitu kingine chochote hapa: kwenye kila mstari, s × 357 inaacha baki ya mstari huo ukigawa kwa 1001. Kila mstari ni sentensi ya kweli inayojitegemea.

Mistari miwili ya mwanzo inapatikana bure. Kwa 1001 s ni 0, maana 0 × 357 ni 0, na 1001 ni sawa na 0 ukiwa kwenye mod 1001. Kwa 357 s ni 1, maana 1 × 357 ni 357 yenyewe. Sasa tunashuka.

357 inaingia kwenye 1001 mara 2, inabaki 287. Baki hiyo tumeipata kwa kuchukua 1001 na kutoa 357 mara mbili. Basi fanya kitendo hicho hicho kwenye safu ya s: chukua 0, toa 1 mara mbili, unapata −2. Mstari mpya unasema (−2) × 357 ≡ 287. Ni kweli: −714 ukiongeza 1001 ni 287.

287 inaingia kwenye 357 mara 1, inabaki 70. Kwenye s: 1 − 1 × (−2) = 3. Hakiki: 3 × 357 ni 1071, toa 1001, inabaki 70.

70 inaingia kwenye 287 mara 4, inabaki 7. Kwenye s: −2 − 4 × 3 = −14. Hakiki: 14 × 357 ni 4,998, kwa hiyo (−14) × 357 ni −4,998. Ongeza 1001 mara tano, yaani 5,005, unapata 7.

7 inaingia kwenye 70 mara 10, haibaki kitu. Hapo watu wengi huweka kalamu chini. Wewe usiweke. Jaza mstari wa mwisho pia: 3 − 10 × (−14) = 143.

```
baki    mara      s
1001              0
 357      2       1
 287      1      -2
  70      4       3
   7     10     -14
   0            143
```

Kanuni ya safu ya s ni moja tu na haibadiliki: iliyo mistari miwili juu, toa mara zidisha iliyo mstari mmoja juu. Ni kanuni ile ile iliyokupa baki, ndiyo maana huna kipya cha kukariri. Alama ya s pia inajilinda yenyewe. Ukianzia mstari wa 357, alama zinapishana: chanya, hasi, chanya, hasi, chanya. Ukiona mbili zinazofuatana zina alama moja, umekosea hapo hapo, na unajua ni mstari gani kabla hujasonga mbele. Kwa njia ya kurudi nyuma huna mlinzi wa namna hiyo.

Mstari wa baki 7 unasema 357 × (−14) ≡ 7 (mod 1001). Zidisha pande zote mbili kwa 9: 357 × (−126) ≡ 63. Kwa hiyo x = −126 ni jibu. Ukitaka jibu lililo kati ya 0 na 1000, unaongeza. Swali ni unaongeza ngapi.

Ukiongeza 1001, unapata 875, na ni jibu sahihi. Lakini rudi kwenye mstari wa mwisho wa jedwali, ule uliotaka kuuacha. Unasema 357 × 143 ≡ 0 (mod 1001). Hakiki ukipenda: 357 × 143 ni 51,051, ambayo ni 1001 mara 51 kamili. Maana yake ni kwamba ukiongeza 143 kwenye x yoyote, upande wa kushoto unaongezeka kwa kitu ambacho mod 1001 hakionekani kabisa. Jibu linabaki jibu. Basi −126 + 143 = 17, halafu 160, 303, 446, 589, 732, 875. Ukiongeza tena unapata 1018, ambayo ni 17 iliyorudi baada ya kuzunguka 1001. Ndiyo saba zako.

Kwa nini saba na si tano wala kumi? Kwa sababu 143 ni 1001 gawanya kwa 7, kwa hiyo hatua za 143 zinaingia mara saba katika mzunguko mmoja. Idadi ya majibu daima ni KKS yenyewe, ilimradi majibu yapo. Na hakuna jibu lingine lililojificha katikati. Chukua majibu mawili yoyote, tofauti yao iite t. Lazima 357t igawanyike kwa 1001. Gawa zote kwa 7: 51t lazima igawanyike kwa 143. Namba 51 ni 3 × 17 na 143 ni 11 × 13, hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, kwa hiyo mzigo wote unaiangukia t: ni lazima t yenyewe igawanyike kwa 143.

Mstari huo wa sifuri ni kipimo cha bure pia. Ukiacha alama, namba ya s kwenye mstari wa sifuri lazima iwe moduli gawanya kwa KKS. Ukipata kitu kingine, kuna mstari juu yake una kosa. Mimi huangalia hapo kabla ya kitu kingine chochote ninaposahihisha kazi ya mtu.

Sasa tuone alama yako ilidondokea wapi. Kwa njia ya kurudi nyuma unaanza na 7 = 287 − 4 × 70. Kisha 70 unaibadilisha kuwa 357 − 287:

```
7 = 287 − 4 × (357 − 287)
  = 5 × 287 − 4 × 357
```

Hapo ndani ya mabano kuna kutoa, na nje kuna kutoa, kwa hiyo 287 nne zinajiunga na ile moja na kuwa tano. Kisha 287 unaibadilisha kuwa 1001 − 2 × 357:

```
7 = 5 × (1001 − 2 × 357) − 4 × 357
  = 5 × 1001 − 14 × 357
```

Kwa kuwa ulipata 126, ambayo ni 14 × 9, nina uhakika ulifika salama mpaka kwenye mstari huu wa mwisho. Ulichofanya ni kuichukua 14 ukaiacha alama iliyokuwa mbele yake. Ukiendelea kutumia njia hii, jikinge kwa kulinganisha ukubwa: 5 × 1001 ni 5,005 na 14 × 357 ni 4,998. Tofauti ni 7 chanya, kwa hiyo kubwa lazima iwe upande wa kujumlisha, na ndogo ndiyo iwe na hasi. Kizidishi cha 357 hakiwezi kuwa +14.

Turudi kwa mwenzako. Aligawa 357 kwa 7 akapata 51, akagawa 63 akapata 9, lakini moduli akaiacha 1001. Akatatua 51x ≡ 9 (mod 1001), ambayo ina jibu moja tu, 589. Kwa nini moduli nayo igawanywe? Rudi kwenye umbo la namba kamili: 357x − 1001y = 63. Ukigawa mlinganyo kwa 7, unagawa kila kipande, na 1001 ni kipande kimojawapo. Unapata 51x − 143y = 9, yaani 51x ≡ 9 (mod 143). Mwenzako, bila kujua, alidai kwamba y nayo iwe kizidisho cha 7, na sharti hilo halikuwepo kwenye swali. Kati ya majibu saba, ni 589 pekee inayolitimiza.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Kwenye 51x ≡ 9 (mod 143) unaweza kugawa tena kwa 3, ukapata 17x ≡ 3, na safari hii moduli inabaki 143 bila kuguswa. Sio kujipinga. Namba 3 na 143 hazina kigawo cha shirika, kwa hiyo 3 haina cha kuondoa kwenye moduli. Kigawo unachogawia kikiwa na kigawo cha shirika na moduli zaidi ya 1, moduli inapungua, kisipokuwa nacho, inabaki. Kwa 17x ≡ 3 (mod 143) unapata 17, na 17 × 17 = 289 = 2 × 143 + 3.

Kama unapenda kugawa kwanza kwa usahihi kisha ndiyo uchore jedwali, fanya hivyo. Namba zinakuwa ndogo. Jedwali la 143 na 51 lina mara zile zile 2, 1, 4 na 10, na safu ya s ile ile mpaka −14 na 143. Tofauti pekee ni kwamba mabaki yamegawanywa kwa 7. Kikwazo ni kwamba unahitaji kuijua KKS kabla ya kuanza, na jedwali lenyewe ndilo linalokupa. Kwa namba kubwa usihangaike kuisaka pembeni.

Mtego mwingine ambao huenda ukakutana nao kwenye mtihani ni swali lisilo na jibu lililovaa sura ya kuwa nalo. Chukua 273x ≡ 42 (mod 1001). Mwanafunzi anaona 7 inaingia kote, anagawa, anapata 39x ≡ 6 (mod 143), anaridhika kwamba amepita. Lakini shuka na jedwali: 1001 ni 273 mara 3, baki 182, 273 ni 182 mara 1, baki 91, 182 ni 91 mara 2 kamili. KKS ni 91, si 7, na 42 haigawanyiki kwa 91. Hakuna x. Kuona kigawo kimoja cha shirika hakutoshi. Lazima uwe na kikubwa kuliko vyote, na cha uhakika ni kushuka mpaka sifuri.

Kushuka huko hakuchukui muda kama unavyohofia. Mwaka 1844 Mfaransa Gabriel Lamé alithibitisha kwamba hatua za kugawa haziwezi kuzidi mara tano ya idadi ya tarakimu za namba ndogo. Kwa 357, yenye tarakimu tatu, kikomo ni 15; sisi tulimaliza kwa nne. Namba yenye tarakimu 100 haitazidi hatua 500, kazi ndogo sana kwa kompyuta, wakati kujaribu x moja baada ya nyingine hakungeisha kamwe.

Ukitaka kuhakiki mazoezi yako kwa kompyuta, jedwali letu kwa Python ni hili:

```python
def tatua(a, b, m):
    r0, r1 = m, a % m
    s0, s1 = 0, 1
    while r1 != 0:
        q = r0 // r1
        r0, r1 = r1, r0 - q * r1
        s0, s1 = s1, s0 - q * s1
    if b % r0 != 0:
        return []
    n = m // r0
    x = (s0 * (b // r0)) % n
    return [x + k * n for k in range(r0)]
```

`tatua(357, 63, 1001)` inarudisha namba zote saba, na `tatua(273, 42, 1001)` inarudisha orodha tupu. Mstari wa q ndiyo safu ya mara, r ndiyo baki, s ndiyo s. Wapo wanaotumia njia fupi `pow(357, -1, 1001)` wakitarajia kupata kinyume cha 357, kisha wanashangaa kuletewa ValueError. Python iko sahihi: kinyume hakipo wakati KKS si 1. Hilo halimaanishi kwamba mlinganyo hauna jibu. `pow(51, -1, 143)` inafanya kazi na kukupa 129, ambayo ni −14 ukiongeza 143, na 129 × 9 mod 143 ni 17.

Ukiihamisha programu hiyo kwenda C au Java, angalia mstari wa x. Kwa Python `-126 % 143` ni 17. Kwa C na Java ni −126, kwa sababu lugha hizo zinaacha baki ichukue alama ya namba inayogawanywa. Andika `((v % n) + n) % n`, ambapo v ni s0 * (b / r0), nawe utapata 17.